Ankara ya Madawati na Malipo Yaliyoingia Pungufu

Katika karakana nyingi za samani kule Keko, Dar es Salaam, deni la mteja hukaa mahali patatu kwa wakati mmoja: kichwani mwa bosi, kwenye meseji za simu yake, na ndani ya kaunta buku lililojaa vumbi la mbao. Mambo yakienda sawa, sehemu zote tatu husema kitu kimoja. Yasipokwenda sawa, bosi anaamini anadai milioni moja na nusu, mteja anaapa kwamba alishamaliza, na kaunta buku lina mstari mmoja tu: "Shule, madawati, bado." Bado nini na bado kiasi gani, hakuna wa kusema.

Hapo ndipo anapofika mwanafunzi wa fildi. Anatoka CBE, IFM, TIA au chuo kingine cha biashara, kichwani ana debiti na krediti, mkononi ana barua ya chuo. Anapewa kiti cha plastiki, kompyuta mpakato iliyochoka, na agizo: "Waandikie wale wa shule ankara, halafu uangalie kama wamelipa."

Agizo ni moja lakini kazi ni mbili, na fujo kubwa ya hesabu za biashara ndogo huanzia kwenye kuzichanganya. Ankara inasema nani anadaiwa, kiasi gani na kwa sababu gani. Kumbukumbu ya malipo inasema pesa ipi imeingia, imeingilia wapi, na imefuta deni lipi. Ankara inaweza kuwa safi kabisa na pesa isiingie. Pesa nayo inaweza kuingia na isijulikane ni ya nani. Kinachoziunganisha ni namba ya ankara, na kazi ya mwanafunzi kwa sehemu kubwa ni kuilinda namba hiyo isipotee njiani.

Tuifuate oda moja tangu mwanzo hadi mwisho. Mfano ni wa kubuni na bei ni za kujifunzia, ila makosa yaliyomo hutokea kila wiki.

Kabla ya kuandika chochote

Shule binafsi ya awali iliagiza madawati 20 kwa shilingi 95,000 kila moja, makabati mawili ya vitabu kwa shilingi 280,000 kila moja, na usafiri wa shilingi 60,000. Kabla ya oda, mhasibu wa shule aliomba profoma, akapewa. Tarehe 4 Agosti shule ikatuma advansi ya shilingi 1,000,000 ili mafundi wanunue mbao.

Mtego wa kwanza ni hiyo profoma. Kwa macho inafanana na ankara: ina jina la karakana, orodha, bei na jumla chini. Lakini ni makadirio ya bei yanayompa mteja nafasi ya kuamua au kuombea kibali cha kulipa. Haijaleta deni. Mwanafunzi akiikuta kwenye faili na kuiingiza kwenye daftari la wadaiwa, atakuwa ameandika mauzo ambayo hayajafanyika, na ankara halisi ikija ataandika mara ya pili. Profoma hukaa kwenye faili la oda. Haiendi kwenye daftari lolote la hesabu.

Karatasi ya kuitafuta kabla ya kuandika ankara ni hati ya kupokelea mzigo, ile ambayo dereva alirudi nayo ikiwa na sahihi ya mteja na muhuri wa shule. Katika mfano wetu mzigo ulipelekwa tarehe 21 Agosti. Hati inaonyesha makabati mawili yamepokelewa, na pembeni mwa "madawati 20" mtu ameandika kwa kalamu: "19. Moja limerudishwa, mguu unacheza." Ukiandika ankara kwa kufuata oda, utadai madawati 20. Ukiifuata hati, utadai 19. Linalotakiwa ni la pili, kwa sababu mteja hulipia alichopokea. Mhasibu wa shule naye ana nakala ya hati hiyo, na akiona ankara ya 20 ataiweka kando yote, pamoja na yale 19 ambayo hakuna anayeyabishia. Ankara nyingi zinazosemwa "zinacheleweshwa" kwa kweli zimelala kwenye meza ya mhasibu kwa sababu ya tofauti ndogo kama hii ambayo hakuna aliyepiga simu kuiuliza.

Ankara yenyewe

Ankara ya biashara ndogo haihitaji programu ya gharama. Kitabu cha ankara chenye nakala kinatosha, na jedwali la Excel linatosha pia. Juu kabisa liandikwe neno ANKARA, ili isichanganywe na profoma, kisha jina la karakana, anwani, simu na TIN. Chini yake jina la mteja kama lilivyosajiliwa, pamoja na TIN yake. "Kwa Mwalimu Mkuu" halitoshi, maana walimu wakuu huhama na deni ni la shule. Halafu namba ya ankara, tarehe, na namba ya hati ya kupokelea mzigo.

Yetu ni ankara namba 041 ya tarehe 21 Agosti, na kiini chake ni hiki:

| Maelezo | Idadi | Bei ya kimoja | Jumla |
|---|---|---|---|
| Dawati la awali la mbao, watoto wawili | 19 | 95,000 | 1,805,000 |
| Kabati la vitabu, rafu nne | 2 | 280,000 | 560,000 |
| Usafiri hadi shuleni | 1 | 60,000 | 60,000 |
| Jumla ya ankara | | | 2,425,000 |
| Toa: advansi ya 4 Agosti | | | 1,000,000 |
| Salio la kulipa | | | 1,425,000 |

Chini yake: "Shilingi milioni moja, laki nne na elfu ishirini na tano tu." Maneno haya si mapambo. Sifuri ikiongezwa au tarakimu zikipinduka, maneno ndiyo yanayoonyesha nia ya mwandishi.

Namba za ankara zifuatane bila kuruka. Ukiharibu 041, usiichane. Iandike "IMEFUTWA" na uiache kitabuni, kisha utumie 042. Anayekagua hesabu, awe bosi, mkaguzi au ofisa wa kodi, akikuta 040 ikifuatiwa na 042, swali lake la kwanza ni pesa ya 041 ilikwenda wapi.

Tarehe ya mwisho ya kulipa iandikwe kama tarehe. "Ndani ya siku 14" huzua mjadala wa siku ya kuanza kuhesabu. "Ilipwe kabla au ifikapo tarehe 4 Septemba" haina mjadala. Chini yake weka njia za kulipa: jina la akaunti ya benki na namba yake, au Lipa Namba ya karakana na jina litakalotokea kwenye simu ya mlipaji. Ongeza na ombi fupi: "Tafadhali taja ankara 041 unapolipa." Wengi hawatataja, lakini wachache watakaotaja watakuokolea asubuhi nzima.

Sasa VAT. Mwanafunzi aliyezoea maswali ya darasani hutaka kuongeza asilimia 18 chini ya kila jumla, kwa kuwa kitabu kilifanya hivyo. Asifanye hivyo kabla ya kuuliza. Tanzania Bara, anayelazimika kusajiliwa kwa VAT ni mfanyabiashara ambaye mauzo yake kwa miezi 12 yanafika shilingi milioni 200, kiwango kilichopandishwa mwaka 2023 kutoka milioni 100. Karakana ndogo kama hii mara nyingi haijasajiliwa, na asiyesajiliwa haruhusiwi kumtoza mteja VAT. Kujua ni rahisi: aliyesajiliwa ana cheti chenye namba ya usajili wa VAT, inayoitwa VRN, tofauti na TIN. Kama cheti hakipo ukutani wala kwenye faili, na bosi hakijui, ankara iende bila VAT.

Kwa wanaotumia Excel kuna ugonjwa mmoja unaostahili kutajwa, kwa sababu unatokana na mazoea yetu wenyewe. Tumezoea kuandika fedha kwa mtindo wa 560,000/= na mkono unaandika hivyo hata kwenye kompyuta. Excel ikiona hiyo alama ya mwisho huchukua kisanduku kizima kuwa maandishi. Fomula ya kujumlisha hukiruka kimyakimya bila kutoa onyo, na jumla inatoka pungufu kwa laki tano na sitini. Dalili yake ni kwamba maandishi hukaa upande wa kushoto wa kisanduku wakati tarakimu halisi hukaa kulia. Andika tarakimu tupu, 560000, kisha uchague mtindo wa kuonyesha mikato. Na jumla usiihesabu kwa kikokotoo halafu ukaichapa. Iache fomula ifanye kazi:

```
D2: =B2*C2
D5: =SUM(D2:D4)
D7: =D5-D6
```

Hapo B ni idadi, C ni bei ya kimoja, D5 ni jumla ya ankara, D6 ni advansi na D7 ni salio. Idadi ikibadilika kutoka 20 kwenda 19, vingine vyote vinajirekebisha.

Na kama ankara ya madawati 20 ilishatumwa kabla hati ya dereva haijasomwa? Usiirudishe ukaibadilishe kimya kimya huku namba ikiwa ileile, kwa sababu mteja atabaki na 041 mbili zenye jumla tofauti. Toa hati ya kupunguza deni, ambayo wahasibu huiita kredit noti, ya shilingi 95,000, ikitaja ankara 041 na sababu: dawati moja limerudishwa. Karatasi zote mbili zinabaki kwenye faili, na anayesoma baadaye anaona kilichotokea.

Kuingiza kwenye daftari

Ankara ikishatoka inaingizwa siku hiyohiyo kwenye ukurasa wa mteja katika daftari la wadaiwa. Hapa kuna kosa linaloonekana kuwa la busara. Mwanafunzi anaiangalia ankara, anaona chini kabisa 1,425,000, na kwa kuwa ndicho kinachodaiwa anaandika mauzo ya 1,425,000. Milioni moja ya mauzo imepotea vitabuni.

Ilipotea kwa sababu advansi ya tarehe 4 Agosti haikuwa mauzo ilipoingia. Siku ile karakana haikuwa imempa mteja hata ubao mmoja. Ilikuwa imeshika pesa ya watu, na kama mbao zingekosekana ingewajibika kuirudisha. Kwa lugha ya darasani: debiti simu au benki, krediti mteja. Yaani kwa wiki mbili na nusu karakana ndiyo ilikuwa inadaiwa na shule. Mzigo ulipokwenda tarehe 21, mauzo yalifanyika kwa thamani yote ya mzigo, 2,425,000: debiti mteja, krediti mauzo. Ile milioni iliyokuwa inasubiri kwenye ukurasa wa shule ikalipunguza deni yenyewe.

Tarehe 27 Agosti dawati lililorekebishwa lilipelekwa, ikaandikwa ankara 042 ya shilingi 95,000, ya kulipwa ifikapo tarehe 10 Septemba. Halafu tarehe 8 Septemba simu ya bosi ikalia: kupitia Lipa Namba zimeingia shilingi 1,500,000 kutoka kwa mtu ambaye jina lake halimo kwenye orodha ya wateja.

Pesa imeingia, ni ya nani?

Hapa ndipo ufundi wa kazi hii ulipo. Kiasi kilichoingia hakilingani na ankara yoyote. 041 ina salio la 1,425,000, 042 ni 95,000, na zote mbili kwa pamoja ni 1,520,000. Jina ni la mtu binafsi. Kishawishi ni kusema "hii itakuwa ya shule tu" na kuiandika.

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba pesa ipo. Meseji aliyoisambaza mteja kwa WhatsApp si uthibitisho, na hata meseji iliyoingia kwenye simu ya bosi isomwe kwa makini, kwa kuwa matapeli huandika meseji zinazofanana na za kampuni ya simu na kuzituma kutoka namba ya kawaida. Uthibitisho ni salio la akaunti au taarifa ya miamala. Muamala halisi una namba yake ya kumbukumbu, na hiyo ndiyo utakayoiandika kwenye daftari. Malipo ya hundi nayo yana kanuni yake: hundi ikishapelekwa benki bado si pesa hadi iive.

Hatua ya pili ni kuuliza. Simu ya dakika mbili inatosha: "Shikamoo mama, napiga kutoka karakana ya Keko. Tumepokea milioni moja na nusu leo saa nne asubuhi. Je, imetoka kwenu, na ni kwa ajili ya ankara zipi?" Mhasibu akajibu kwamba ndiyo, ametuma mmiliki wa shule kwa simu yake, na ni ya madawati yote. Jina geni limepata maelezo. Liandike kwenye daftari pembeni ya muamala, kwa sababu baada ya miezi mitatu hakuna atakayelikumbuka. Kama simu isingepokelewa, pesa ingeandikwa kuwa imeingia lakini ikawekwa kwenye ukurasa wa malipo yasiyojulikana, hadi mwenyewe apatikane. Kumpa mteja mmoja pesa ya mwingine ni kosa baya kuliko kuchelewa, maana litakufanya umdai aliyelipa na umsamehe asiyelipa.

Hatua ya tatu ni kuigawa pesa kwa ankara. Mteja akitaja ankara anazolipia, fuata alivyosema. Asipotaja, mazoea ni kuanza na deni la zamani. Hapa 041 inapata 1,425,000 na kufungwa. Zinabaki 75,000, zinakwenda 042, ambayo sasa ina salio la 20,000. Ukurasa wa shule unasomeka hivi:

| Tarehe | Maelezo | Ankara | Malipo | Salio |
|---|---|---|---|---|
| 4 Ago. | Advansi | | 1,000,000 | shule inatudai 1,000,000 |
| 21 Ago. | Ankara 041 | 2,425,000 | | tunaidai 1,425,000 |
| 27 Ago. | Ankara 042 | 95,000 | | tunaidai 1,520,000 |
| 8 Sep. | Malipo, simu ya mmiliki | | 1,500,000 | tunaidai 20,000 |

Hizo 20,000 zisipotezwe kwa aibu. Mwanafunzi huona ni hela ndogo, anagonga muhuri wa IMELIPWA ili ukurasa uonekane safi. Si yake kuzisamehe. Huenda mteja alikosea, huenda bosi alimpunguzia kwa mdomo siku ya mwisho. Kama alimpunguzia, itolewe hati ya kupunguza deni ya 20,000 yenye sahihi ya bosi. Kama hakumpunguzia, salio linabaki na mteja anakumbushwa kwa adabu. Kwa mteja wa serikali kuna sababu ya tatu: malipo yanaweza kuja pungufu kwa sababu kodi ya zuio imekatwa. Hapo omba hati ya makato kwanza, usikimbilie kumwandikia deni.

Siku mbili baadaye bosi alihamisha ile pesa kwenda benki, na taarifa ya benki ikaonyesha imeingia 1,496,000. Tuseme 4,000 zilikuwa makato ya kuhamisha. Mwanafunzi aliyeanza kwa kuangalia taarifa ya benki angeandika kwamba shule imelipa 1,496,000 na angeidai 24,000. Shule ililipa 1,500,000. Makato ni gharama ya karakana na yana mstari wake kwenye matumizi. Kanuni ni kumwandikia mteja kiasi kilichotoka mfukoni mwake, si kiasi kilichobaki baada ya safari zako mwenyewe.

Mwisho wa wiki linganisha daftari na taarifa za benki na simu, muamala kwa muamala. Vikipishana, tazama tofauti yenyewe kabla ya kuanza upya. Ikigawanyika kwa 9 bila baki, mara nyingi tarakimu mbili zimepinduka. Ukiandika 1,245,000 badala ya 1,425,000, tofauti ni 180,000, na 180,000 kugawa kwa 9 ni 20,000 kamili. Wahasibu wa zamani walilitumia jaribio hili kabla ya kompyuta, na bado linafanya kazi.

Risiti ya EFD isitoke mara mbili

Ankara si risiti. Sheria ya Tanzania inamtaka anayeuza bidhaa, anayetoa huduma au anayepokea malipo yake atoe risiti ya kielektroniki ya EFD, na kauli ya TRA ya "ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti" inajulikana hadi kwa watoto. Kinachosahaulika ni kwamba kila risiti inayotoka kwenye mashine inasomeka TRA kama mauzo. Hapo utaratibu mmoja unahitajika.

Katika oda yetu mauzo yote ni 2,520,000, yaani 2,425,000 na 95,000. Risiti zikitolewa mzigo unapokwenda, jumla yake itakuwa hiyohiyo. Lakini kama mtu mmoja alitoa risiti ya 1,000,000 siku ya advansi, na mwingine akatoa ya 2,425,000 siku ya mzigo, TRA imeshaona 3,425,000 kwa ankara moja. Karakana itaulizwa kuhusu milioni ambayo haikuipata. Kwa hiyo mwanafunzi asiiguse mashine kabla ya kumuuliza bosi au mhasibu wake: hapa tunatoa risiti wakati gani, na kwa hii oda kuna iliyokwisha kutoka? Namba ya risiti iandikwe kwenye nakala ya ankara, ili anayefuata aione. Risiti iliyotoka kwa makosa haifutiki kwa kubonyeza kitufe. Itunzwe, iandikiwe maelezo, na bosi aambiwe siku ileile.

Kuna jambo moja la kujilinda pia. Pesa ya mteja isipite kwenye simu ya mwanafunzi, hata kama bosi yuko safarini na mteja anasema ana haraka. Anayeandika ankara, anayepokea pesa na anayelinganisha vitabu wakiwa mtu mmoja, kosa lake haligunduliki, na shutuma dhidi yake haikanushiki. Kama karakana ina watu wawili tu, basi angalau bosi mwenyewe ndiye akague taarifa ya benki na simu mwisho wa wiki na aweke sahihi.

Faili la oda hii likifungwa linakuwa na profoma, oda, hati mbili za kupokelea mzigo, ankara 041 na 042, risiti za EFD, na karatasi yenye namba za miamala. Sheria ya Usimamizi wa Kodi inataka kumbukumbu kama hizi zitunzwe kwa miaka 5 angalau. Karatasi ya EFD huchapwa kwa joto na maandishi yake hufifia mapema kuliko hapo, hasa kwenye banda la bati. Itoe kopi siku ileile na uibane pamoja na ankara yake.